Baba wa Kliniki

Jovitus alikuwa na majibu ya kila kitu. Walipohamia Nyegezi kutoka Bukoba, alimwambia mkewe, Nice, kwamba mtoto lazima arudishwe Bukoba kuchanjwa, maana ndiko alikoandikishwa. Alikuwa ameulizia. Kwa nani? Kwa wanaume wenzake kwenye kijiwe cha kahawa, mabingwa wa malezi wasiowahi kubadilisha hata nepi moja.

Mtoto akatimiza miezi tisa, ikapita, na sindano ya surua bado. Nice akachoka kungoja busara za kijiweni, akamuuliza jirani yake, Mama Kashindye, ambaye alicheka.

“Chukua kadi yake uende zahanati yoyote. Tena nenda na mumeo. Pale anayekuja na mume hapangi foleni.”

Kweli. Akina mama waliofika alfajiri wakabaki kwenye benchi, Jovitus akapitishwa mbele kama bwana harusi, mikono mitupu, mtoto mgongoni kwa mama. Nesi akaisoma kadi ya Bukoba, akamwandikisha mtoto, akamchoma sindano ya surua na rubela. Akasema zilizotangulia hazirudiwi, na ya pili ni akifikisha mwaka mmoja na nusu.

“Hongera, baba! Wangekuwa wote kama wewe! Chanjo iliyopita ilimletea homa?”

Jovitus akamtazama mkewe.

Mwezi uliofuata, siku ya kupima uzito, Nice alikwenda na dereva wa bodaboda ajifanye mumewe. Njiani alimweleza habari zote za mtoto. Kabla hawajafika, dereva alikuwa ameshazishika zote kichwani.