Barua ya dada wa ughaibuni aliyeuliza Miritini iko wapi, na jinsi jibu langu lilivyokaribia kumnyima mamake visa

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi. Leo nimeamua kuandika langu. Ni kweli tupu, isipokuwa majina nimeyabadilisha, maana wahusika wako hai na mmoja wao akinijua nimeandika ataniita kwake nikajieleze.

Mimi ni karani katika ofisi ya wadi moja upande wa Changamwe. Sitaji ni ipi. Kazi yangu ni kupokea watu, kuandika barua, kupeleka malalamiko ya takataka na taa za barabarani. Sio kazi ya kujisifu harusini, lakini naipenda.

Siku moja asubuhi akaingia jamaa mmoja, amekuja likizo kutoka Ulaya, nchi moja ya baridi. Akanipa bahasha. Akasema ametumwa na jirani yake wa huko, dada wa kwetu, anaitwa Riziki.

Barua ilikuwa ya mkono. Mwandiko mzuri, wa mtu aliyefunzwa kwa kiboko. Imeanza kwa salamu ndefu, ametuuliza hali, ametuombea afya, mpaka nikageuza ukurasa kuona shida iko wapi.

Shida ilikuwa hii. Riziki alizaliwa Miritini miaka ya themanini. Cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Miritini, Changamwe, Mombasa. Sasa yuko mjamzito, mimba ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na anataka mamake aende akae naye wakati wa kujifungua. Ameomba visa ya mama.

Maafisa wa kule wakatazama karatasi. Cheti cha binti kinasema Changamwe. Barua ya makaazi ya mama inasema Jomvu. Wakauliza, hawa ni watu wa nyumba moja kweli?

Kwa hivyo aliomba ofisi imjibu maswali matatu, kwenye letterhead, na muhuri. Je, Miritini bado iko Changamwe? Ni wadi, lokesheni au tarafa? Na mpaka wake unapita wapi siku hizi?

Mwishoni akaandika: "Nimeondoka muda mrefu, ndugu zangu. Naona haya kuuliza kwetu ni wapi, lakini sina mwengine wa kumuuliza."

Wakuu, hapo nilishikwa. Nikasema huyu nitamsaidia leo leo.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Niliketi nikachapa barua fupi, safi, ya kiofisi. Nikaandika kwamba Miritini ni wadi iliyoko eneo bunge la Jomvu, na kwamba haiko Changamwe. Msimamizi wetu wa wadi, Madam (mama mmoja kutoka Ukambani, mkali lakini ana roho), alikuwa mkutanoni mjini. Nikagonga muhuri, nikatia sahihi "kwa niaba", nikaipiga picha, nikamtumia Riziki kwa WhatsApp. Alikuwa ameandika namba chini ya barua.

Akanijibu kwa dua nyingi. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana sana.

Baada ya wiki kama mbili hivi, voice note ikaingia. Riziki analia.

Maafisa wamesoma barua yangu. Wakasema, ofisi ya kwenu wenyewe imethibitisha kwamba Miritini haiko Changamwe. Basi hiki cheti kinachosema Miritini, Changamwe, ni cha wapi? Cheti chenyewe sasa kinashukiwa. Wamempa mwezi mmoja alete maelezo, la sivyo ombi la mama linafungwa. Na mimba imeingia mwezi wa saba.

Nilikaa kwenye kiti nikahisi baridi, na nyinyi mnajua joto la Changamwe.

Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Na ukweli wangu huo ndio uliomgeuza mtu kuwa mwongo mbele ya wageni.

Nikaenda kwa Madam nikajisalimisha. Akasoma nakala ya barua. Kisha akavua miwani.

"Hii sahihi ni yako?"

"Ndiyo, Madam."

"Na Miritini ni wadi yetu?"

"Hapana, Madam."

"Sasa wewe ulikuwa unamjibia nani?"

Akanigombeza dakika kumi nzima, halafu akavuta kiti akanifundisha. Nitawaeleza alivyonieleza, kwa sababu naona hata humu watu wengi wanachanganya.

Kuna serikali mbili zinazokaa juu ya ardhi ile ile. Wadi ni kipande cha uchaguzi na cha kaunti. Ndiyo inayomchagua mwakilishi wa bunge la kaunti, na msimamizi wa wadi ameajiriwa na kaunti. Mipaka yake inachorwa na tume ya uchaguzi na kuchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali.

Lokesheni na sabu-lokesheni ni za serikali kuu. Huko ndiko kuliko chifu na naibu wake, juu yao naibu kamishna wa kaunti, yule wazee wetu bado wanamwita DC. Mambo ya vitambulisho, makaazi, nani mtoto wa nani, hayo ni ya chifu. Wadi haina kazi nayo.

Zamani Miritini ilikuwa ndani ya tarafa ya Changamwe, na eneo bunge lilikuwa moja. Ilipokuja katiba mpya mipaka ikapitiwa upya, na kabla ya uchaguzi wa 2013 Changamwe ikagawanywa, Jomvu ikapata eneo bunge lake. Miritini ikaangukia Jomvu. Baadaye na kaunti ndogo ikawa hivyo hivyo.

"Aliyezaliwa kabla ya hapo alizaliwa Changamwe," Madam akasema. "Cheti hakibadiliki kwa sababu mpaka umebadilika. Wewe umemwambia iko wapi leo. Hakuuliza leo peke yake, aliuliza na jana."

Kisha akafungua kabati akatoa nakala ya tangazo la mipaka lililochapishwa kwenye gazeti hilo. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukijua, na nimefanya kazi hapa miaka sita.

Wadi kwenye tangazo haielezwi kwa barabara na mito tu. Inaelezwa kwa kutaja sabu-lokesheni zinazoiunda. Na pale kwenye wadi ya Miritini, sabu-lokesheni ya Miritini imetajwa kwa jina. Jina lile lile lililo kwenye cheti cha Riziki. Maeneo ya juu yalibadilika, lakini jina la chini lilibaki palepale.

Madam akanipa ruhusa ya siku mbili. "Nenda ukatengeneze ulichovunja. Na uanzie kwa mama mwenyewe."

Nikaenda Miritini. Nyumba yao iko ndani kidogo, ukiacha malori barabarani na zile nyumba mpya zilizoota tangu stesheni ya treni ijengwe. Mamake Riziki ni mwalimu wa chuo, amewasomesha Qurani watoto wa mtaa ule mpaka sasa anasomesha watoto wa watoto.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe ndiwe wa ofisini?"

Nikakiri. Nikamweleza kosa langu lote, sikuficha kitu. Nilitarajia anifukuze. Akanisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono juu ya leso.

"Kwa hivyo wale wazungu wasema mimi si mamake Riziki?"

"Wanauliza tu, Mama."

"Mimi naliolewa nyumba hii, nikazaa chumba kile pale. Sijahama hata siku moja, wallahi. Kama kuna aliyehama hapa ni serikali."

Wakuu, nilicheka mpaka nikasahau aibu yangu. Naye akacheka. Akaniletea chai na mahamri, akaniambia nile kwanza, karatasi hazikimbii.

Tukaenda pamoja kwa naibu wa chifu. Kumbe na yeye alisomeshwa na mama huyu! Alipomuona akainuka kitini. "Mwalimu, karibu, keti hapa." Akafungua faili, akaandika kwamba anamjua mama huyu kama mkaazi wa sabu-lokesheni ya Miritini, na Riziki ni binti yake wa kumzaa, amezaliwa hapo hapo.

Tukapita kwa chifu mwenyewe, naye akatia sahihi na muhuri. Akatuelekeza kwa naibu kamishna, kwa sababu barua ya kueleza mabadiliko ya maeneo ya utawala inafaa kutoka juu, sio kwake.

Huko tulingoja kuanzia saa tatu mpaka saa nane. Mama hakulalamika hata mara moja, alikuwa na tasbihi yake. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Barua iliyotoka ilikuwa ya aya mbili, na ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika mimi. Ilisema kwamba sabu-lokesheni ya Miritini, ambayo wakati wa kuzaliwa kwa aliyetajwa ilikuwa chini ya tarafa ya Changamwe, sasa iko chini ya kaunti ndogo ya Jomvu. Kwamba ni mahali pale pale. Kwamba majina yote mawili ni sahihi, kila moja kwa wakati wake.

Msimamizi wa wadi ya Miritini naye akatoa yake, akaambatanisha ukurasa wa lile tangazo. Madam akaandika barua ya kufuta yangu, akanilazimisha niichape mwenyewe. Barua ya naibu kamishna mama akapanda nayo treni hadi Nairobi kwa mpwa wake, ikathibitishwa na wizara ya mambo ya nje ndipo nakala yake ikatumwa kwa Riziki, na mama akarudi na barua yenyewe.

Siku zile nilikuwa naangalia simu kuliko kijana aliyetongoza.

Siku tano kabla ya ule mwezi kwisha, Riziki akatuma ujumbe mmoja: "Wamekubali. Mama anakuja."

Nilitoka nje ya ofisi nikalia, na sioni haya kuwaambia.

Nilichojifunza ni kwamba ukiwa kwenye kiti cha ofisi usijibu swali lisilo lako kwa sababu tu una huruma. Mpeleke mtu anakostahili. Nanyi mlio nje, mkiombwa maelezo ya kwenu, jina la sabu-lokesheni ndilo la kushika, na barua muombe inayotaja zamani na sasa pamoja.

Mama alipita ofisini kwetu wiki ya safari. Alikuwa amevaa buibui jipya na raba nyeupe alizonunuliwa kwa ajili ya theluji. Nikadhani amekuja kuaga. Akatoa ile barua ya naibu kamishna, akaniomba nimtolee kopi mbili.

Nikamwambia, "Mama, visa si ishatoka? Hizi za nini tena?"

"Moja nitaweka mimi. Ya pili ni ya mjukuu wangu," akasema. "Yuwaja zaliwa mbali. Siku moja na yeye atauliza kwao ni wapi."

Nilimtolea kopi tatu. Ya tatu nimeibandika ukutani juu ya meza yangu.

Haya wakuu, nani mwengine aliyerukwa na mpaka akiwa amelala kwao? Nipo hapa, nasoma zote.