Mbeti na Kadi za Bwana Thuo

Mbeti Kiilu hakujua kusema jambo nusu. Alipofika kliniki yetu pembeni mwa Kaloleni, mwaka wa themanini na mbili, alikuwa afisa mpya wa kliniki, wa kupima wagonjwa na kuwaandikia dawa, viatu vimepigwa rangi hadi vinang'aa, na siku hiyo hiyo alimwambia mfagiaji kwamba sakafu imependeza ila nyuma ya mlango bado. Mfagiaji alinuna wiki nzima. Mimi Lydiah, muuguzi wa chumba cha sindano, nilicheka, maana nyuma ya mlango kweli kulikuwa bado.

Babake alikuwa mchonga vinyago huko Majengo. Mbeti alikua akisugua twiga kwa msasa, na aliniambia kwamba mzee huyo hakusifu kazi ya mtu kabla ya kuigeuza na kuitazama chini ya miguu. "Akikwambia kazi nzuri bila kukuonyesha ni wapi," alisema, "jua amechoka, anataka kwenda kula."

Sasa mtu wa namna hiyo, mwaka wake wa majaribio haujaisha, unampa kazi ya kumkosoa mkubwa wake?

Ndivyo ilivyokuwa. Mkubwa wa maafisa wa kliniki alikuwa Bwana Thuo, na bila ripoti yake makao makuu yasingemthibitisha Mbeti kazini. Wadogo zake Mbeti walikuwa shuleni kwa mshahara ule. Nasi sote tulimpenda Thuo, wagonjwa kuliko sisi. Kulikuwa na wamama waliotoka Pumwani kwa miguu, wakapita zahanati nyingine njiani, ili tu wapimwe na yeye. Alikijua kifua cha kila mzee wa reli hapa mtaani. Lakini mwandiko wake, Mungu amsamehe! Mtu wa dawa alikuja dirishani kwake na kadi mkononi kutwa mara ngapi, kuuliza hiki ni nini.

Msimamizi wetu, Sista Nabiswa, alikuwa ametoka kozini na jambo jipya. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, foleni ikiisha, kila afisa asome kadi za wagonjwa alizoandika mwenzake, aandike maoni. Kwanza lililo jema, na uonyeshe mstari wenyewe. Kisha pale ambapo mawazo ya mwandishi hayaonekani. Kisha yasiyosomeka. Mwisho, wewe ungefanya nini. Usimseme mtu, sema kadi. Alizigawa bila kutazama, na za Thuo zikamwangukia Mbeti. Sista aliona, naye si mjinga. Akasema, "Mbeti, naweza kukubadilishia."

"Hapana, Sista. Zimeshanifikia."

Nilimvuta pembeni, karibu na chombo cha kuchemshia sindano. "Wewe, unataka kujichongea? Andika mwandiko uboreshwe kidogo, basi, uende nyumbani."

"Dada Lydiah, nikiandika hivyo nitakuwa nimesoma nini?"

Nilikasirika naye kweli. Kuna ujasiri, na kuna kupiga teke chungu chako mwenyewe.

Tukakaa kwenye mabenchi ya wagonjwa. Mbeti akasimama na kadi ya Mzee Irungu, fundi wa karakana ya reli, aliyekuja mara tatu kwa kikohozi.

"Ziara ya kwanza," alianza, "ningependa niwe nimeiandika mimi. Kikohozi kimeanza lini, makohozi ni ya rangi gani, anapumua mara ngapi kwa dakika, ni upande gani wa kifua uliosikika vibaya. Kabla ya penisilini ameulizwa kama iliwahi kumdhuru. Ameambiwa lini arudi, na ni dalili gani zimlete mapema. Mtu yeyote angeweza kuendelea na mgonjwa huyu kutoka hapo."

Thuo akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nami nikaomba moyoni Mbeti aishie hapo.

"Ziara ya tatu imeandikwa, 'Bado anakohoa. Penisilini tena.' Wiki tatu za kikohozi, na kadi haisemi kama kifua kikuu kilifikiriwa. Uzito haupo. Jasho la usiku halijaulizwa. Kipimo cha makohozi hakikuagizwa, wala haisemwi kwa nini hakihitajiki. Na kama dawa haikusaidia mara ya kwanza, kadi haisemi kwa nini irudiwe. Kuhusu vidonge hivi vya chini, sikuweza kusoma kama ni kimoja au ni saba. Mimi ningempima uzito na kumtaka atoe makohozi mara tatu."

Mtu wa dawa alichunguza kucha zake.

"Kifua kikuu nilikifikiria!" Thuo alisema, na sauti imepanda. "Irungu anavuta sigara tangu nikiwa kijana. Kila baridi ikija anakohoa hivyo hivyo. Hajakonda, nimemwona kwa macho yangu. Hatoki jasho, nilimuuliza."

"Hayo yote ni mazuri, Bwana Thuo. Hayapo hapa."

"Yako kichwani mwangu!"

"Na ukiwa likizo?"

Thuo alichukua kadi, akaisogeza kwenye mwanga ili asome ule mstari wa vidonge. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Kisha akaiweka juu ya benchi, akachukua koti lake, akatoka bila kuaga. Nilijua Mbeti amekwisha. Jioni hiyo nilimpa chai, akainywa yote, akala na mandazi yangu, na usiku nadhani alilala vizuri kuliko mimi.

Jumatatu Thuo alimwita Mzee Irungu, akampima uzito, akampa vikopo vya makohozi. Majibu yaliporudi alipita mbele ya chumba changu, kifua mbele, hadi mlangoni kwa Mbeti.

"Makohozi ni safi. Yote matatu."

"Nimefurahi sana kwa ajili ya mzee," alisema Mbeti, na alifurahi kweli.

"Kwa hiyo nilikuwa sawa."

"Mpaka hapo, ulikuwa sawa. Kama haponi, picha ya kifua bado. Lakini ile penisilini ya mara ya pili, sababu yake sijaiona hata leo."

Nilishika kichwa. Mama yangu, huyu mtoto hanyamazi! Thuo aliegemea mlango.

"Hata mimi sijaiona," alisema, kwa sauti ya chini. "Mzee alitaka sindano. Nilikuwa nimechoka, nikampa."

Akaenda zake. Siku kadhaa ripoti ya Mbeti haikuja, na nilianza kumtafutia Mbeti kazi kwa binamu yangu mwenye zahanati.

Kisha ripoti ikaja, Thuo mwenyewe akaileta, kwa sababu kila mtu lazima asome yake na kutia sahihi. Mbeti alinisomea, na haikuwa vigumu, kila herufi ilisomeka. Iliandikwa kwamba hupima kwa makini, na wagonjwa wa kuonyesha hilo walitajwa. Iliandikwa kwamba anakawia mno kwa kila mgonjwa, na foleni inafika langoni.

"Hili la foleni silikubali," Mbeti alisema.

"Nenda ukaitazame," Thuo akajibu. Mbeti alikwenda, akaitazama, akarudi akasema, "Ni kweli, iko langoni." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikubali kosa lake, na nilifurahi kupita kiasi.

Chini kabisa palikuwa na mistari miwili. "Athibitishwe kazini. Nikistaafu, wagonjwa wangu wapewe huyu."

Mbeti aliisoma mwenyewe, bila sauti, nami nikaisoma begani kwake. Akatia sahihi, akamwita mgonjwa aliyefuata.