Mahindi ya Endulen

Programu ile ya akili mnemba, ya kuandika na kuchora, siiamini hata leo, na naitumia karibu kila siku. Naandikia kampuni za utalii hapa Karatu. Rasimu iliyokuwa ikinimaliza wiki nzima, sasa naipata kabla chai haijapoa. Ndiyo maana naisoma kama mtu anayechambua mchele wa dukani.

Siku moja kazi ilikuwa ukurasa wa kutangaza matembezi nyumbani kwa mama mmoja wa Endulen, anayepokea wageni. Bosi wa kampuni aliniwekea masharti: rasimu ruksa, lakini majina na picha za wenyeji zisiingizwe kwenye programu. Michoro ya kompyuta ruksa pia, mradi iandikwe kuwa ni michoro.

Niliingiza nilichokiona kule: boma, ng'ombe, maziwa, ugali. Ikaniletea ugali wa mahindi "yaliyovunwa nyuma ya boma". Nani kakwambia? Mimi ni mtoto wa Qurus, kijiji cha wakulima hapa Karatu, kwetu mahindi yanafika mlangoni. Endulen ni ndani ya hifadhi, kulima hairuhusiwi, unga wananunua. Nikafuta.

Mchoro nao, niliouagiza kwa maneno tu, ukaja na ng'ombe zizini na mahindi mabichi yamesimama nyuma ya boma. Nikaupeleka ofisini kwa bosi kumwonyesha ubishi wa mashine. Akaupenda.

"Acha hivyo hivyo. Wageni wanapenda kijani, na tumeandika ni mchoro."

Mwamba ngoma huvutia kwake. Sharti lake lilikuwa limetimizwa, ni kweli, lakini roho yangu ilikataa. Nikamwambia bosi kuwa kule hakulimwi, na mwenye boma hajauona. Nikamtumia mama ukurasa wenye mchoro kwenye simu, kisha nikampigia, bosi akisikiliza.

Mama akaniuliza:

"Mwanangu, hapa ni kwangu?"

"Ni mchoro tu, mama. Kompyuta imechora."

"Jina la kijiji mmeandika. Wageni watakuja kwangu, si kwa kompyuta. Askari wa hifadhi akinijia na picha hii, nimwambie kompyuta ndiyo iliyolima?"

Bosi aliinamisha macho. Niliona haya kwa niaba yetu wote wawili, na hasira kidogo, maana nilikuwa nimemwambia. Akanipa ishara nirekebishe.

Niliiagiza programu iondoe mahindi, iweke nyasi, isiguse kingine chochote. Ikaleta mchoro safi kabisa. Niliukagua nyuma ya boma, mahindi hayakuwapo. Bosi akasema sasa tumemaliza. Nikasema bado, mwenyewe kwanza. Nikamtumia.

Simu ikaita papo hapo.

"Mahindi mmeniondolea, asante," mama akasema. "Na ng'ombe wangu mmewapeleka wapi?"

Nikatazama tena. Zizi lilikuwa tupu, nyasi zimeota mpaka katikati. Bosi aliivuta kompyuta akaufuta mchoro mwenyewe, bila kuniuliza.