Kingo za Kidonda

Mimi nilikuwaga muuguzi mwenye mdomo hapa Musoma, na mkono mwoga. Miaka ile bandeji tulikuwa tunazichemsha na kuzirudia mpaka zinakuwa nyuzi. Sukari ilikuwa imeanza kurudi madukani mtaa wa Iringo, bandeji bado.

Akaletwa mama mmoja wa Butiama, mkulima wa mihogo, na kidonda cha miaka minne kwenye muundi. Kipande cha nyama ya kidonda tulichopeleka Mwanza kupimwa kilirudi na jibu kwamba si kansa. Daktari wetu akamwambia wazi: kisipoonyesha kufunga kwa mwezi mmoja, mguu utakatwa.

Kisha akaniita pembeni, akanichorea nyuma ya karatasi ya joto la mgonjwa. Seli nyingi za mwili, alisema, hazigawanyiki. Zimejitoa kwenye mzunguko wa kugawanyika, zimepumzika. Ukijikata, damu inaleta ishara, zinaamka, zinagawanyika, zinaziba, zinarudi kupumzika. Ila kwenye kidonda cha muda mrefu, nyingi za ukingoni zimezeeka. Ziko hai, zinakula, lakini hazitagawanyika tena hata uziite vipi, na zinamwaga vitu vinavyowasumbua majirani.

"Ondoa ukingo mpaka ufikie nyama inayotoka damu," akaniagiza. "Zilizolala, zinazoweza kuamka, ziko nyuma yake."

Nikapiga ganzi, nikakata. Nilikata kidogo, kwa huruma, kama anayemenya kiazi asipoteze hata kipande. Wiki mbili zikapita, ukingo ukarudi vilevile, mweupe na mgumu. Mwezi wa mama wa watu nimeumaliza nusu! Niliona aibu, nikamweleza mama ukweli, kwamba nilikata kidogo.

Mama akanitazama kwa utulivu kabisa.

"Sista, ulikuwa unanionea huruma mimi, au ulikuwa unajionea wewe?"

Nikaanza kupanga upya vyombo vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Mihogo inangoja," akasema. "Kata."

Safari hii nilikata mpaka damu ikachuruzika pande zote, nyekundu, na nikafurahi kuiona, Mungu anisamehe. Daktari alipoiona damu ile, akaacha kutusimamia. Bandeji nikawa nazilowesha kwanza kabla ya kuzitoa, zisivute kilichoota. Siku ya tisa nikaona utando mwembamba unaingia kutoka kingoni, unang'aa. Nikamwita kila mtu wodini, hadi mpishi. Mama akasema tunamchoshea mguu kwa kuukodolea macho.

Mwezi ulipoisha, daktari alipima, akapima tena, akaandika "Kinafunga." Akafuta jina la mama kwenye orodha ya upasuaji.

Siku ya kuondoka, wiki kadhaa baadaye, kidonda kilikuwa kimeziba chote. Mama akauliza kama seli zile zitaendelea kugawanyika mpaka zimletee uvimbe.

"Hapana, mama. Kazi imekwisha, nyingi zimerudi kupumzika."

"Basi wewe pia kapumzike," akasema, na akatembea mpaka getini kwa miguu yake miwili, bila kunishika.