Herufi Moja Iliyofunikwa

Kabla hajaja kwetu mjini Sakai kutengeneza majalada ya video, yaani zile picha ndogo anazoziona mtu kabla ya kufungua, Chizuru Orihara alichora vipeperushi vya supamaketi kwa miaka ishirini na miwili. Kwenye kipeperushi, bei hukaa kona ya chini kulia, kubwa, kwa sababu jicho la mnunuzi huishia pale. Mkono wake ukazoea hivyo, na mazoea yana taabu.

Video zetu hufundisha usafi wa nyumba. Mimi nazikata na kuziunga, Chizuru anazivisha sura. Alikuwa akinipa simu na kunisukuma mlangoni.

"Hatta-san, itazame kwa mbali. Unaona nini?"

"Kiatu."

"Hicho ni kichujio cha mashine ya kufulia, mjinga wewe!" Kisha anafuta, anaanza upya. Picha isiyoeleweka ikiwa ndogo kama kucha hakuitaka. Kitu kimoja, maneno mawili matatu, rangi zinazopingana, basi. Nilimpenda kwa hilo, ingawa alinichosha vibaya sana.

Jumamosi ile tulitoa video ya dakika nane kuhusu dawa ya ukungu wa bafuni yenye klorini, na hatari ya kuichanganya na siki, maana hutoa gesi inayoua. Jalada lilikuwa zuri: chupa mbili, ya dawa na ya siki, zimeinamiana, na chini yake, kwa njano juu ya weusi, "mazeru na". Kwetu Kijapani katazo huja mkiani. "Mazeru" ni changanya. "Mazeru na" ni usichanganye. Uhai wa mtu umening'inia kwenye hiyo "na" ya mwisho, ambayo kwa Kijapani ni herufi moja, na Chizuru aliiweka pale anapoweka bei.

Saa nne na nusu asubuhi nilifungua simu yangu kulitazama. Kile kibandiko cheusi cha muda wa video, ambacho mtandao hukipachika wenyewe kona ya chini kulia, kilikuwa kimekaa juu ya "na". Kwenye kompyuta yetu, tunapochora, kibandiko hakionekani. Kwenye simu za watu, jalada lilisema: changanya.

"Chizuru-san. Njoo uone."

Alitazama. Uso ukamwisha damu.

Bosi wetu, Kuze, naye alitazama, lakini alitazama takwimu. "Wanaobonyeza ni mara tatu ya kawaida! Wanashtuka, wanafungua, wanaelezwa ndani. Iacheni mpaka mchana."

"Na wasiofungua je?" Chizuru aliuliza.

"Asiyefungua hafanyi kitu."

Ala! Kichwa kizima, na fikra kama zile. Nilitaka kumtupia kiti.

 Chizuru alikuwa amesimama, mkono mdomoni. "Mama hafungui," alisema. "Macho yanamuuma. Anaangalia majalada yangu tu, halafu ananipigia kunisifu. Na Jumamosi ndiyo siku yake ya kusafisha bafu."

Akapiga simu Kishiwada, mji anakokaa mama yake. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Huku simu imebanwa begani, alivuta maneno akayapeleka juu kushoto, akahifadhi, akapandisha jalada jipya.

"Orihara, nimesema mpaka mchana!" Kuze alifoka.

"Nifukuze basi."

Nilifungua upya ukurasa kwenye simu yangu. Lile la zamani bado lilikuwepo. Jalada hubadilika pole pole, simu moja hupata mapema, nyingine huchelewa, na hakuna wa kulaumiwa. Nilitukana kwa sauti.

Mara ya tano mama yake akapokea. Chizuru akaweka sauti ya nje, na tulichosikia kwanza ni kikohozi.

"Mama! Uko wapi?"

"Bafuni, mwanangu. Nimefanya kama ulivyoandika. Harufu yake kali, lakini ukungu hautoki, nikadhani nimeweka kidogo. Nikaongeza."

"Toka! Toka nje sasa hivi, acha kila kitu, usiiname!"

Kikasikika kishindo, ndoo ikianguka. Kisha kimya. Mimi nilikuwa tayari nimepiga 119, namba ya gari la wagonjwa, kwa simu ya mezani, na yule mtu alipouliza anwani, Chizuru aliitaja kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. 

Watu wa gari la wagonjwa walimkuta amelala ukumbini, nusu mwili nje ya mlango wa bafu. Alikuwa anapumua.

Jioni tulikaa kando ya kitanda chake hospitalini. Mapafu yatachukua wiki kadhaa, daktari alisema. Chizuru alikuwa amejipanga kuomba radhi. Alikuwa ameinama tayari, paji la uso likigusa shuka. Lakini nesi aliingia kubadilisha dripu, akamuuliza mama, kwa upole, ni nani aliyemfundisha kuchanganya vitu vile.

Mama akashusha kinyago cha oksijeni kidogo, akatabasamu.

"Huyu hapa, binti yangu. Anachora vizuri mno. Hata mimi bibi kizee naelewa bila kufungua."