Shikamoo ya Kilomita ya Nne

Mimi taratibu siijui. Mama yangu, huko kwetu Mbwera, husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua viatu, na tangu siku ile sijatulia. Dukani kwangu Kibiti, ninakouza dawa, mteja akisitasita kutaja anachotaka mimi namtajia. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba kinachoniangusha kwenye mbio ni haraka zangu, nilikasirika kwelikweli.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kumaliza nusu marathoni chini ya saa mbili. Mara mbili nilikwenda Dar, na mara mbili nilifika kilomita ya kumi na tano nikiwa malkia, ya kumi na sita nikiwa maiti. Mara ya kwanza nilitumia saa mbili na dakika sita, ya pili saa mbili na dakika nne. Nina miaka arobaini na tatu. Nikaapa mbele ya klabu nzima kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho, nikishindwa natundika raba.

Klabu yetu ina watu kumi na wawili, na anayetufundisha ni mwanamke mstaafu, zamani mwalimu wa michezo. Tunamwita Mwalimu, basi. Baada ya kiapo changu alinipeleka barabara ya vumbi ya kwenda Utete, akaniambia nikimbie peke yangu nusu saa, kwa nguvu zote ninazoweza kuzigawa sawasawa mpaka mwisho. Nikaenda kilomita tano na robo hivi.

"Hiyo ni kama dakika tano na sekunde arobaini kwa kilomita," akasema. "Kasi yako ya tempo ipo hapo hapo. Kila Alhamisi, dakika ishirini, baada ya kupasha mwili moto. Usiizidi."

"Mwalimu, hiyo si kasi ya bibi harusi?"

"Bibi harusi anafika," akanijibu.

Wenzangu waliokuja kutazama walicheka. Mimi nilinuna, nikataka kujua kwa nini nisikimbie zaidi wakati naweza. Mmoja wetu akadakia kwamba ni ile asidi, inabaki miguuni na kuuma siku tatu. Mwalimu akamkata kauli. Maumivu ya kesho yake, alisema, ni misuli iliyochanika kidogo kidogo, wala si laktati, hiyo mnayoiita asidi. Laktati mwili unaitengeneza muda wote, hata sasa tulivyokaa.

"Harusini umewahi kuosha masinia?" akaniuliza.

Nani wa pwani hajaosha?

"Wageni wanakula, masinia machafu yanarudi uani, nyinyi mnaosha, yanapakuliwa tena. Laktati ni hayo masinia. Si takataka, kwa sababu moyo na misuli mingine inaichukua na kuitumia tena kama kuni. Ukikimbia polepole, waoshaji wanawahi. Ongeza kasi, masinia yanakuja mengi, lakini bado wanawahi. Sasa kuna kasi moja ambayo ukiipita kidogo tu, yanaanza kurundikana. Hapo ndipo kizingiti chako. Ukikizidi huna muda mrefu, shughuli itasimama."

"Na tempo?"

"Tempo ni kuwafundisha waoshaji. Unawaweka pale pale wanapoweza, ukingoni, wiki baada ya wiki, mpaka kizingiti kisogee mbele. Ukiwazidishia kila Alhamisi wanachoka tu, na Jumamosi huna miguu ya mbio ndefu."

Nilielewa. Wallahi nilielewa. Alhamisi yake, baada ya swala ya alfajiri, nikatoka nikakimbia dakika tano na sekunde kumi kwa kilomita. Nilijiambia kuwa leo miguu ni mizuri. Wiki ya pili nikajiambia hivyo hivyo. Jumamosi nilikuwa najikokota nyuma ya wote, na Mwalimu akiuliza nasema sijalala vizuri. Mwongo mkubwa mimi.

Wiki ya tatu, kilomita ya nne, nikampita mama yangu mdogo.

Alikuwa anakwenda shambani kwake, jembe begani. Nilimwona vizuri kabisa. Nilifungua mdomo nitoe shikamoo, haikutoka. Nilikuwa nahema mpaka masikio yanavuma, na kusimama sikutaka, maana saa inakwenda. Nikapunga mkono. Mkono! Kwa mama yangu mdogo, niliyelala kitandani kwake miaka minne nikisoma Kibiti, nikapunga mkono kama napungia lori.

Kabla sijafungua duka simu ilikuwa imeshafika Mbwera na kurudi. "Mwanangu," mama akasema, "mdogo wangu anasema umempita kama gogo. Nimekuzaa mimi au?"

Jioni nilikwenda kwake kuomba radhi, na Mwalimu nikamchukua aniombee. Mama mdogo alikaa kwenye mkeka wake, akakataa kunitazama. Aibu ilinishika mpaka nikataka kulia. Nikamweleza kwamba si dharau, pumzi ndiyo ilikuwa imeniishia, sauti haikuwepo.

Mwalimu akageuka. "Haikuwepo? Dakika ya ngapi?"

"Ya kumi hivi, baada ya kupasha mwili moto."

"Basi umekuwa ukinidanganya." Akamwambia mama mdogo, "Dada, huyu kwenye kasi yake anapaswa aweze kusema maneno matatu manne. Shikamoo, na akiulizwa hujambo aseme sijambo. Akishindwa, kazidisha. Akianza kukupa habari za mtaa mzima, anazembea."

Mama mdogo akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kumbe shikamoo ndiyo kipimo?"

"Ndiyo kipimo."

"Basi Alhamisi nitakuwepo."

Na kweli alikuwepo, kila Alhamisi, amesimama kilomita ya nne. "Shikamoo, mama!" "Marahaba, hujambo?" "Sijambo!" Napita. Jamani, ile kasi ilinitesa kuliko mbio zenyewe! Miguu inataka kwenda, nawashwa mwili mzima, na mimi najizuia kwa ajili ya salamu. Joto lilipozidi saa ilinionyesha dakika tano na hamsini, nikapiga simu kulalamika. Mwalimu akasema kwenye joto fuata pumzi, saa iache. Baadaye akanipa dakika kumi na tano mara mbili, katikati mwendo mwepesi wa dakika mbili. Mwezi wa tatu wa mazoezi, salamu ileile, pumzi ileile, nikakuta saa inasema tano na nusu. Nilipiga kelele peke yangu barabarani, mtu mzima.

Siku ya mbio Dar, nilianza nyuma. Watu walinipita, wengine wamevaa kanga za kuchekesha, nikaumia roho, nikavumilia. Kilomita ya kumi na sita, pale ninapofia, palikuwa na mama mtu mzima anagawa maji. "Shikamoo, mama!" Ilitoka nzima. "Marahaba, mwanangu, hujambo?" "Sijambo!" Hapo nikajua. Nikashika kasi ileile mpaka zikabaki kilomita mbili, kisha nikawaachia wageni wote waje kula kwa pamoja.

Saa moja, dakika hamsini na nane na sekunde arobaini.

Nilikaa chini kwenye lami, nikatoa simu mfukoni, nikampigia mama mdogo kabla ya mtu mwingine yeyote. Alipokea mlio wa kwanza. Nikafungua mdomo. Haikutoka. Nilikuwa nahema tu kwenye simu, nahema na kulia, shikamoo imekwama palepale kooni.

Alinisikiliza. Nikasikia anacheka taratibu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Pumua kwanza."