Ujumbe kwa Meneja wa Kiwanda cha Alizeti

Wiki mbili baada ya usaili wa kazi ya kutunza stoo kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti, Singida mjini, nilikuwa sijajibiwa. Mama alitaka tutoke kijijini kwetu Ihanja tukampelekee meneja kuku.

"Mama, wataona ni rushwa."

Nikaandika ujumbe wa simu. Nilimshukuru kwa usaili, nikataja jina langu na nafasi niliyoomba, nikauliza kwa heshima uamuzi umefikia wapi. Nilipomsomea mama, akakunja uso.

"Mbona hujamwamkia?"

Nikaongeza shikamoo.

Jioni meneja alipiga. "Marahaba, mwanangu. Mkurugenzi alisafiri. Tutakujibu Ijumaa."

Ijumaa alipiga tena, akaniita kazini. Mama akaiomba simu, akamuuliza habari za watoto, mmoja mmoja, nami nikamwacha.